Simu inachaji polepole au mpaka uupinde waya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Simu inachaji tu nikiulaza waya upande mmoja. Kosa liko wapi?

Mara nyingi liko katika moja ya sehemu mbili: shingo ya waya, yaani pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, au tundu la kuchajia la simu. Kuzitenganisha ni kazi ya dakika moja, na huhitaji kifaa chochote.

Chomeka waya, laza simu mezani kioo kikiwa kinawaka ili uione alama ya chaji. Kwa vidole viwili shika kichwa cha waya kikiwa ndani ya tundu, kisicheze hata kidogo. Kwa mkono mwingine pinda shingo taratibu: juu, chini, kushoto, kulia. Chaji ikikatika na kurudi wakati kichwa kimetulia tuli, nyuzi za shaba zimekatika ndani ya shingo, na zinagusana tu ukizikunja upande fulani. Waya huo umekwisha.

Sasa fanya kinyume. Shika kichwa na shingo pamoja kama kitu kimoja, waya usikunjike, kisha sogeza kichwa juu na chini kidogo sana ndani ya tundu. Chaji ikikatika hapo, tatizo ni mahali kichwa kinapokutana na simu: uchafu, pini zilizochakaa, au tundu lililong'oka kwenye bodi. Usisukume kwa nguvu, kwa sababu ndani ya tundu kuna ulimi mwembamba unaobeba pini, na huo ukivunjika hauungwi.

Jaribio la kwanza lirudie upande wa pili wa waya, ule unaoingia kwenye chaja. Watu wengi huusahau, ilhali shingo ya huko nayo hukatika, hasa kama chaja huchomekwa mahali ambapo waya unaning'inia.

## Kwa nini nianze kusafisha tundu badala ya kununua waya mpya kwanza?

Kwa sababu tundu chafu huufanya hata waya mzima uonekane mbovu, na hapo majaribio yote yanayofuata yanakudanganya. Mtu ananunua waya mpya, haoni tofauti, ananunua chaja, haoni tofauti, mwishoni anaambiwa betri imekufa. Muda wote huo shida ilikuwa kipande cha nyuzi za mfukoni kisichofika ukubwa wa punje ya mchele.

Uchafu huo hujengeka hivi. Vumbi na nyuzi za nguo huingia tunduni simu ikiwa mfukoni au kwenye mkoba. Kila unapochomeka waya, kichwa kinazisukuma nyuma na kuzishindilia. Baada ya miezi kadhaa kunakuwa na tabaka gumu chini kabisa, na kichwa hakizami tena mpaka mwisho.

Jambo lenyewe la muhimu ni jinsi pini zilivyopangwa. Kwenye USB, pini za umeme ni ndefu kuliko pini za mawasiliano, makusudi, ili umeme uguse kwanza. Kwa hiyo kichwa kikibaki nje kwa nusu milimita tu, pini za umeme zinaweza kugusa ilhali za mawasiliano hazijafika. Simu inapata umeme lakini haijui imechomekwa kwenye chaja ya aina gani, basi inachukua kidogo kwa tahadhari, au haichaji kabisa. Na ukiukandamiza waya upande mmoja, kichwa kinainama, pini zinagusa, chaji inarudi. Ndiyo maana dalili mbili, chaji ya polepole na chaji ya kupinda waya, mara nyingi huja pamoja na chanzo chake ni kimoja.

## Nitajuaje kwamba tundu lina uchafu?

Chomeka waya na uangalie kwa ubavu. Kwenye tundu safi, chuma cha kichwa cha waya kinazama karibu chote, na unakaribia kuona plastiki ya kichwa ikigusa mwili wa simu. Kama kuna mstari wa chuma unaobaki nje, karibu milimita moja, kuna kitu ndani. Kuwa mwangalifu na kava ngumu ya simu: plastiki nene ya kichwa inaweza kugonga ukingo wa kava na kuzuia kichwa kisizame. Vua kava kabla ya kulaumu uchafu.

Dalili ya pili iko vidoleni. Waya unapoingia vizuri kuna mshiko mdogo mwishoni, kama unabonyea mahali pake. Tundu chafu halina mshiko huo. Kichwa kinaishia kwenye kitu laini, na ukiinua simu kwa waya kidogo tu, waya unachomoka.

Kisha chukua tochi. Kwenye USB-C utaona ulimi katikati na nafasi kuuzunguka. Mwisho wa tundu, nyuma ya ulimi, panapaswa kuwa bapa na safi. Ukiona kitu cha kijivu kinachofanana na kitambaa kilichoshindiliwa, na kona hazionekani, umeupata. Usidanganywe na ulimi kuonekana safi kwa mbele: uchafu unaodhuru huwa nyuma na kwenye kona mbili za mviringo.

## Nisafishe vipi bila kuharibu?

Unahitaji kijiti cha meno cha mti au cha plastiki, tochi, na dakika kumi za utulivu.

1. Chomoa waya na uzime simu kabisa. Kuzima kioo hakutoshi.
2. Chonga ncha ya kijiti iwe bapa kama patasi ndogo. Kijiti cha mviringo ni kinene mno kwa nafasi iliyopo kati ya ulimi na ukuta, na hukisukuma kile ulichokuja kukitoa.
3. Shika simu tundu likitazama chini, ili kinachotoka kidondoke.
4. Ingiza kijiti kwenye kona, kikiegemea ukuta wa nje na si ulimi. Fika mwisho, kisha vuta kuelekea nje kama unachokoa. Fanya hivyo kona zote mbili, kisha upande wa juu na wa chini wa ulimi.
5. Angalia kwa tochi, rudia. Mara nyingi vipande vidogo hutoka kwanza, kisha ghafla linatoka bonge moja zima lenye umbo la tundu.
6. Chomeka waya. Mshiko ukirudi na mstari wa chuma ukipotea, umemaliza.

Kwenye simu zenye maikro USB ulimi uko juu, karibu na ukuta mmoja, basi chokoa upande wa chini ulio wazi. iPhone za zamani, za kabla ya iPhone 15, hazina ulimi katikati. Pini ziko kwenye ukuta mmoja, kwa hiyo chokoa ukiegemea ukuta wa pili na kona.

Kama kuna utelezi au unata, kwa mfano soda iliyokauka, lowesha ncha ya kijiti kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pitisha, kisha uache simu ikiwa imezimwa kwa nusu saa. Usimimine ndani. Maji na spiriti yenye maji mengi hayafai, kwa sababu unyevu unaobaki pamoja na umeme huzifanya pini zipate kutu.

## Kwa nini nisitumie sindano au pini ya chuma? Inaingia vizuri zaidi.

Inaingia vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Pini za USB-C zimepangwa kwa umbali wa nusu milimita tu kutoka moja hadi nyingine, na ncha ya sindano inaweza kuziunganisha mbili kwa pamoja. Hata simu ikiwa imezimwa, betri iko ndani. Halafu sindano hukwangua dhahabu nyembamba iliyopakwa juu ya pini. Chini yake kuna metali inayoshika kutu, na tundu lililokuwa chafu tu linakuwa bovu baada ya wiki chache.

Kupuliza kwa mdomo nako kuache. Pumzi ina unyevunyevu, na haina nguvu ya kung'oa tabaka lililoshindiliwa.

## Nimesafisha na bado inachaji polepole. Nitenganishe vipi waya na chaja?

Pima, usikisie. Maneno "inachaji polepole" hayakusaidii mpaka uyageuze kuwa namba. Kipimo rahisi ni asilimia zinazoongezeka kwa dakika 15, katika hali ileile kila mara: betri ikiwa kati ya 20 na 50, kioo kimezimwa, hali ya ndege imewashwa, simu haina joto. Ukipima mara moja ikiwa 30 na mara nyingine ikiwa 85 hujapima kitu, kwa sababu simu zote hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa.

Chukua simu yenye betri ya mAh 5000. Ikichajiwa kwa wati 10 ipasavyo, dakika 15 huongeza takribani asilimia 10 au 11. Ikiwa imeshuka hadi wati 2.5, kiwango cha tahadhari tulichokitaja, huongeza 2 au 3 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba huhitaji mita. Ukiwa na mita ndogo ya USB inayochomekwa kati ya chaja na waya, vizuri zaidi, utasoma volti na ampea papo hapo.

Azima waya mmoja na chaja moja unazojua kwamba zinachaji simu nyingine vizuri. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza waya, chaja ikibaki ileile, halafu chaja. Andika namba kila mara.

## Nimebadilisha waya na hakuna tofauti. Basi waya wangu ni mzima?

Si lazima. Hapa ndipo wengi wanapopotea, basi tuupitie mfano mmoja polepole.

Simu ni ile ya mAh 5000, chaja ni ya wati 10. Kwa waya na chaja yake, inaongeza 3 kwa dakika 15, na chaji hukatika mpaka waya uinuliwe juu. Mwenye simu anaazima waya mzima: chaji haikatiki sana, lakini bado ni 3. Anaazima chaja pia: bado 3. Anasema, "Waya si kosa, chaja si kosa, basi ni betri," na anaurudisha waya wake wa zamani.

Sasa anasafisha tundu. Linatoka bonge la nyuzi. Akijaribu kwa waya wa kuazima na chaja yake mwenyewe anapata 11. Tundu lilikuwa chafu, na chaja ni nzima. Lakini akirudi kwenye waya wa zamani, anapata 10 waya ukiwa umenyooka, na chaji inakatika mara tu shingo inapopindwa. Kumbe kosa lilikuwa mawili kwa pamoja: tundu chafu na waya uliokatika. Uchafu uliuficha ubovu wa waya, kwa kuwa ulifanya kila waya upate 3.

Na mara nyingi kosa la kwanza ndilo lililozaa la pili. Tundu lilipoanza kujaa, mwenye simu alizoea kuupinda waya ili ushike, usiku baada ya usiku, mpaka shingo ikakatika. Kwa hiyo utaratibu salama ni huu: safisha kwanza, na baada ya kusafisha pima kila kitu upya, hata kile ulichokwisha kukihukumu.

## Waya unaonekana mzima kabisa, hauna mpasuko. Unawezaje kupunguza kasi?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni wembamba. Kila waya hula sehemu ya volti, na mwembamba hula zaidi. Waya wa mita moja wenye nyuzi za umeme za kipimo cha 28 hupoteza karibu volti 0.85 ukipitisha ampea 2, kwenda na kurudi. Kati ya volti 5 zilizotoka kwenye chaja, simu inapata 4.15 hivi, inagundua kwamba chanzo kinazidiwa, na inapunguza inachovuta. Waya wa kipimo cha 24 katika urefu uleule hupoteza chini ya nusu ya hapo. Baadhi ya waya zimechapishwa ubavuni maandishi kama haya:

```
28AWG/1P 24AWG/2C
```

Namba ya kuangalia ni ile iliyo mbele ya `2C`, ndiyo ya nyuzi za umeme, na namba ndogo ndiyo nene. Ukiona `28AWG/2C` kwenye waya wa mita mbili, usitegemee kasi. Urefu nao unahesabika: mita mbili hupoteza mara mbili ya mita moja.

Njia ya pili ni kukatika kwa nyuzi za mawasiliano peke yake. Chaja nyingi za kawaida hujitambulisha kwa simu kupitia nyuzi hizo. Zikikatika, simu hudhani imechomekwa kwenye kompyuta na kuchukua nusu ampea. Inachaji, alama inaonekana, lakini ni polepole usiku kucha. Jaribio lake ni jepesi: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huo na uchague kuhamisha mafaili. Kompyuta isipoiona simu, wakati kwa waya mwingine inaiona, nyuzi za mawasiliano zimekatika au hazikuwekwa tangu kiwandani.

## Na chaja, nitaijuaje kwamba ndiyo yenye kosa?

Anza kwa kusoma maandishi yake madogo, mstari wa `Output`. Ukisoma `5V 1A` hiyo ni wati 5, na simu ya leo yenye betri kubwa itachukua saa nne au zaidi hata kila kitu kikiwa kizima. Hapo hakuna ubovu. Chaja ni ndogo. Tundu la USB la kompyuta ni dogo zaidi, mara nyingi nusu ampea.

Ukisoma pia `9V 2A`, chaja ina uwezo wa wati 18, lakini simu na chaja lazima zikubaliane ndipo volti zipande. Kila mtengenezaji ana njia zake za kukubaliana, na zisipoelewana zote hurudi kwenye volti 5. Chaja yenye namba kubwa inaweza hivyo kuichaji simu yako taratibu kuliko ile ndogo iliyokuja nayo, bila yoyote kuwa mbovu.

Chaja iliyochakaa yenyewe ina tabia yake: inaanza vizuri, baada ya dakika kadhaa inapata joto na chaji inakatika au kushuka, ikipoa inarudi. Kuinamisha waya hakuibadilishi. Kama ukiisogeza chaja ukutani ndipo chaji inakatika, miguu yake imelegea kwenye soketi, na hapo huenda ukasikia mlio mdogo wa cheche. Jaribu soketi nyingine.

## Inachaji nikichomeka upande mmoja wa kichwa, nikikigeuza haichaji. Ina maana gani?

Kwenye USB-C dalili hii ni ya thamani, kwa sababu inaelekeza moja kwa moja kwenye tundu la simu. Waya una uzi mmoja tu wa kutambulishana, lakini tundu lina pini mbili za kuupokea, moja kwa kila upande wa ulimi. Ukigeuza kichwa, uzi uleule unagusa pini nyingine. Waya ungekuwa mbovu, ungekataa pande zote mbili. Safisha upande ule wa ulimi unaokataa kwa kijiti chenye isopropili kidogo, ukipitisha kwa wepesi kuelekea nje. Isipotibika, pini hiyo imechakaa au imeshika kutu. Simu inaweza kuendelea kutumika kwa upande mmoja, ila usingoje mpaka wa pili nao ufe kabla hujahifadhi picha na namba zako mahali pengine.

## Waya unalegea na kuchomoka wenyewe, na tundu ni safi.

Jaribu waya mpya kabla ya kubadilisha tundu. Kwenye USB-C na maikro USB, vishikizo vyenye springi vimewekwa kwenye kichwa cha waya na si kwenye simu, makusudi, ili kinachochakaa kwanza kiwe kile cha bei ndogo. Waya mpya ukishika imara, simu haina tatizo. iPhone za zamani ni kinyume: springi ziko ndani ya simu, na waya mpya hausaidii sana zikilegea.

## Kichwa cha waya kinapata moto sana. Niendelee?

Hapana, chomoa sasa. Joto la kuunguza vidole pale penye kichwa maana yake umeme unapita mahali pembamba: pini moja inayogusa vibaya, au uchafu wenye unyevu. Plastiki ikianza kuwa kahawia au ukiona pini moja imekuwa nyeusi, tupa waya huo hata kama bado unachaji, kwa sababu pini iliyoungua huunguza na mwenzake upande wa simu. Simu ikikuonya kuhusu unyevu tunduni, iache ikauke yenyewe kwa saa kadhaa. Usitumie mashine ya hewa moto.

## Ni wakati gani wa kwenda kwa fundi, na nimwambie nini?

Nenda ikiwa tundu ni safi, waya na chaja za kuazima ni nzima, na bado chaji inakatika kichwa kikisogezwa. Nenda pia ukiona ulimi umepinda, au tundu zima linacheza ndani ya mwili wa simu. Hapo risasi inayolishikilia kwenye bodi imepasuka.

Mwambie ulichopima: asilimia ngapi kwa dakika 15, kwa waya gani, na kwamba tundu limesafishwa. Muulize kama tundu la modeli yako liko kwenye bodi ndogo ya chini inayobadilishwa nzima, au limechomelewa kwenye bodi kuu. La kwanza ni kazi ya kufungua, kuchomoa na kuchomeka. La pili linahitaji mashine ya hewa moto na mkono uliozoea. Kama simu yako inachaji pia bila waya, iweke kwenye sahani yake kabla ya kwenda: ikipanda vizuri hapo, betri ni nzima, na hakuna sababu ya kukubali kubadilishiwa betri.